Punda nimemkata vizuri, lakini nikimweka usiku singa zake zina pindo jeupe

Mpigapicha_Langoni

Assalaam aleikum wanajukwaa. Naomba msaada kabla sijampelekea mteja kazi yake Ijumaa.

Kazi ni bango la mashindano ya punda hapa Lamu. Picha nimepiga mwenyewe asubuhi pale ukingoni mwa bahari, punda mmoja na kijana wake mgongoni, nami nimeelekea upande wa Manda. Mbingu nyuma yao ilikuwa nyeupe ya kuumiza macho. Mteja anataka wawili hao wasimame mbele ya Ngome wakati wa usiku, na uwanja wa Mkunguni uwe giza isipokuwa taa chache kwa mbali.

Nimekatia Photoshop. Nimechagua punda, nikaingia `Select and Mask`, nikapitisha `Refine Edge Brush` kwenye nywele, nikatoa kama `Layer Mask`. Mwili umekaa safi, miguu safi, kikoi cha kijana safi isipokuwa matamvua. Shida ni singa za shingoni, masikio ya punda, na nywele za kijana. Kila unywele una pindo jeupe, utadhani umefuatishwa kwa chaki.

Kinachonichanganya ni hiki. Punda huyohuyo, na maski hiyohiyo, nikimweka juu ya picha ya mchana ya ufukwe wa Shela, pindo halionekani. Sijabadilisha kitu chochote. Mbona mchana yuko sawa na usiku ana chaki?

Kolaji_Malindi

Waaleikum salaam. Hapo umechagua nje kidogo ya mwili, basi. Nenda `Select > Modify > Contract`, weka pikseli 2, halafu `Feather` pikseli 1 ili ukingo ulainike. Mimi hapa studio napiga picha za pasipoti kila siku, nakata watu na kuwaweka kwenye nyeupe, na njia ni hiyo. Haijawahi kunitupa.

Mpigapicha_Langoni

Ahsante ndugu. Nimejaribu sasa hivi. Mabegani na kwenye kikoi imesaidia kweli, ile chembe ya mwanga iliyokuwa begani imetoka. Lakini singa zimekwisha. Punda anaonekana kama amenyolewa, na vile vinywele vichache vilivyosalia bado vina pindo. Nikirudisha singa, chaki inarudi nazo.

Binti_Shela

Ndugu wa Langoni, jibu limo ndani ya swali lako la mwisho, kwa hiyo naanzia hapo.

Fungua picha ya asili, ile ambayo haijakatwa, uikuze mpaka uone vijiraba, yaani pikseli zenyewe. Tafuta unywele mmoja uliosimama peke yake juu ya shingo ya punda. Utaona hauna rangi ya unywele. Unywele wenyewe ni mwembamba kuliko kijiraba, kwa hiyo ndani ya kijiraba kimoja kamera imepokea mwanga wa unywele na mwanga wa mbingu kwa pamoja, ikauandika kama rangi moja. Tuseme singa zako ni 40 katika kipimo cha 0 hadi 255, na mbingu ni 240. Kijiraba ambacho nusu yake ni unywele na nusu yake mbingu kitaandikwa 140. Hicho ni kijivu, si kahawia ya punda.

Sasa maski yako. Maski ni nzuri, imetambua kwamba kijiraba kile ni nusu tu, ikakipa asilimia 50. Lakini maski inashughulika na kiasi, haishughuliki na rangi. Rangi iliyobaki mle ndani ni ileile 140, na mbingu ya Manda bado imo. Ukikiweka juu ya usiku wenye 30, programu inachukua nusu ya 140 na nusu ya 30, inapata 85. Ilitakiwa ichukue nusu ya 40, ambayo ndiyo rangi ya punda, na nusu ya 30, ipate 35. Imezidi kwa 50.

Mpeleke sasa Shela mchana, tuseme mchanga ni 220. Nusu ya 140 na nusu ya 220 ni 180. Iliyo sahihi ingekuwa 130. Imezidi kwa 50 vilevile! Kosa halikupungua hata kidogo, ila mahali lilipoangukia ni tofauti. Mchana ile 180 iko katikati, baina ya unywele wenye 40 na mchanga wenye 220, na jicho linaona tu kwamba unywele ni mwembamba zaidi. Usiku ile 85 inampita punda kwa mwanga na inaupita usiku wenyewe pia. Hakuna kitu pale chenye mwanga huo, ndiyo maana jicho linaona mstari.

Kwa hiyo Shela napo kuna kosa, ila huwezi kuliona.

Ndugu wa Malindi hakukosea kwa kazi zake. Begani au kwenye shati, ule mchanganyiko una upana wa pikseli moja au mbili, na ukisogeza ukingo ndani umeutupa wote. Tena yeye anatoka ukuta mweupe kwenda weupe, na rangi ya nyuma ikilingana na iliyokuwepo, kosa lipo lakini jicho halilioni. Singa ni jambo lingine, maana unywele mwembamba ni mchanganyiko mtupu, hauna pahali palipo punda kamili. Ukisogeza ndani hutupi pindo, unatupa unywele. Na `Feather` kwenye nywele usiitumie kabisa. Inapanua lile eneo la nusu kwa nusu, na hapo katikati, penye asilimia 50, ndipo kosa linapokuwa kubwa kuliko pote.

Maski yako usiiguse. Dawa ni kuibadilisha rangi iliyo chini yake. Nikishaswali nitaandika jinsi ninavyofanya.

Mzee_Faza

Wanangu, nimesoma yote. Hesabu ya binti ni sawa, lakini mnamsahau mshitakiwa mwingine. Kijana amesema alipiga asubuhi, naye ameelekea Manda. Manda iko mashariki ya mji. Basi jua lilikuwa nyuma ya punda! Mimi nimepiga picha kwa filamu miaka mingi, na jua likiwa nyuma, nywele zinawaka zenyewe, mwanga unapenya ndani ya unywele. Sehemu ya huo weupe ni jua halisi, si makosa ya kompyuta. Mkiufuta mtakuwa mmefuta kilichokuwepo.

Na siku nyingine, mwanangu, mtundikie nyuma yake kitambaa cha kijivu, au ngoja alasiri. Utakuwa umejipunguzia kazi yote hii.

Binti_Shela

Mzee wangu shikamoo. Umesema kweli, na nitalirudia hilo la jua mwishoni kwa sababu linabadilisha kazi.

Kwanza kusafisha. Njia fupi: rudi `Select and Mask`, chini kabisa weka alama kwenye `Decontaminate Colors`. Utaona haikubali tena kutoa maski peke yake, inataka leya mpya, na ni haki yake, maana inakwenda kubadilisha rangi za pikseli zenyewe. Chagua `New Layer with Layer Mask`. Inachofanya ni kuchukua rangi kutoka ndani ya mnyama na kuisukuma nje, kwenye vile vijiraba vya nusu. Kwenye singa nyeusi zinazofanana inafanya vizuri sana. Pale ambapo rangi mbili zinakutana, kama mzizi wa sikio ambapo kuna weupe wa ndani na kahawia ya nje, huchukua rangi isiyo yake na kuacha mabaka.

Kwa hiyo shingoni mimi nafanya kwa mkono. Nakili leya yenye maski. Bofya ile picha ndogo ya leya, si picha ndogo ya maski. Hapa wengi huteleza, wanapaka maski kisha wanashangaa unywele umekwenda wapi. Chukua brashi laini, na kwenye `Mode` ya brashi chagua `Darken`. Shika `Alt` ubofye pale singa zilipo nene, karibu na ngozi, upate rangi yake ya kweli. Shusha `Flow` mpaka kama asilimia 30, kisha pitisha kuanzia mzizi wa singa kwenda nje, hata nje kabisa penye mbingu. Usiogope kupita mpaka, maski inashikilia umbo.

Sababu ya `Darken` ni kwamba inagusa tu vijiraba vilivyo vyeupe kuliko rangi uliyoshika. Ile 140 inashuka kuelekea 40, na unywele uliokuwa 35 tangu mwanzo unabaki na 35 yake. Kila hatua tatu nne, badilisha rangi kwa `Alt`, maana singa za punda haziwi rangi moja kutoka kichwani mpaka mabegani.

Anayetumia GIMP anaweza kufanya vivyo hivyo: kubofya leya badala ya maski, hali ya brashi iwe `Darken only`, na kuchukua rangi ashike `Ctrl` badala ya `Alt`.

Njia hii ni ya kitu cheusi kilichopigwa mbele ya weupe. Babu mwenye ndevu nyeupe aliyepigwa mbele ya mlango mweusi ana pindo jeusi, na yeye anataka `Lighten`.

Kadi_na_Fulana

Dada na mimi nina tatizo hilohilo, tafadhali nisaidie. Nimekata picha ya mtoto, nywele zimekaa vizuri kwenye skrini, nimezijaribu juu ya nyeusi hazina pindo lolote. Nimepeleka faili la PNG kwa mtu anayechapa kwa filamu na kupiga pasi kwenye fulana nyeusi. Imerudi mtoto ana weupe kuzunguka nywele zote. Nitumie hiyo `Darken`?

Binti_Shela

Hapana, ndugu yangu, yako ni nyingine. Kama juu ya nyeusi kwenye skrini hakuna pindo, basi rangi zako ni safi. Kwenye fulana nyeusi mashine huweka wino mweupe chini ya rangi, la sivyo rangi haionekani. Wino haujui kuwa nusu wazi kama maski. Kile kijiraba cha asilimia 50 kimewekewa weupe chini yake, na huo ndio unaouona. Muulize mchapaji kama anaweza kuurudisha weupe ndani kidogo usifike ukingoni. Hata akiweza, nywele nyembamba huenda zikapotea kabisa. Wengine hugeuza ukingo wa nywele kuwa nukta nukta ngumu kabla ya kuchapa. Sijaridhika na njia yoyote kati ya hizo kwa nywele za mtoto.

Kadi_na_Fulana

Mchapaji wangu anasema mashine yake haina mpangilio huo. Nitajaribu nukta, nirudi hapa na picha.

Mpigapicha_Langoni

Dada Mungu akubariki. Shingo imekuwa nzuri! Nimepaka kama dakika 20, nikabadilisha rangi mara nyingi kama ulivyosema. Kwenye bango usiku ule, singa zimesimama nyeusi juu ya giza, na unaziona vizuri zaidi pale zinapopita mbele ya taa.

Yamebaki mawili. La kwanza, kati ya singa na singa kuna ukungu mwembamba, si mstari, ni kama vumbi la kijivu. La pili, juu ya masikio na kwenye kichwa cha kijana, hata nikipaka, ukingo ukiwa mweusi unakuwa kama umekatwa kwa mkasi. Nikiuacha mweupe unang'aa. Sijui niuache vipi.

Nimegundua jambo lingine. Nimefungua ya asili kwa asilimia 200 kama ulivyoagiza. Mgongoni kwa punda, penye ukingo mgumu usio na nywele, kuna mstari mweupe wa pikseli mbili tatu ambao ni mweupe kuliko mbingu yenyewe. Humo hamna mkono wangu, haijakatwa bado.

Binti_Shela

Naanza na mstari wa mgongoni. Umepiga picha kwa simu, sivyo? Simu nyingi huchonga picha zenyewe kabla ya kuihifadhi: pale giza linapokutana na mwanga, giza linaongezwa giza na mwanga unaongezwa mwanga. Dalili yake ndiyo uliyoitaja, kwamba ni mweupe kuliko mbingu. Mchanganyiko wa kawaida hauwezi kuwa mweupe kuliko mbingu iliyouzaa. Mgongoni hapo ushauri wa ndugu wa Malindi unafaa kabisa: sogeza ndani pikseli 2 kwa sehemu hiyo tu, umalize. Safari nyingine, kama simu yako inakubali kuhifadhi faili ghafi, tumia hilo.

Na kama picha ilipita WhatsApp, omba tena itumwe kama waraka. Ikitumwa kama picha inabanwa, na mbano huo kwa kawaida huhifadhi rangi kwa vijiraba vinne vinne huku mwanga ukibaki kwa kijiraba kimoja kimoja. Unywele unabaki na umbo lake lakini rangi yake inatoka kwa jirani, na hapo singa zinakuwa na buluu ya mbingu hata ndani.

Ukungu kati ya singa sasa ni kosa la maski, si la rangi. Shika `Alt` ubofye picha ndogo ya maski uione peke yake. Baina ya singa, mahali panapotakiwa kuwa peusi kabisa, utaona kijivu hafifu. Fungua `Levels` ukiwa kwenye maski, usogeze kile kipembe cheusi cha kushoto kuelekea kulia taratibu, mpaka kijivu kile kizame. Mara nyingi kwangu huishia kati ya 15 na 30. Ukipita hapo ncha za singa zinaanza kufupika, kwa hiyo angalia ncha, usiangalie ukungu.

Masikio na nywele za kijana: hapa ndipo mzee wetu alipokuwa na haki.

Kolaji_Malindi

Hiyo ya mgongoni nimeielewa. Lakini dada, utajuaje kama ni jua au ni mbingu? Vyote ni vyeupe.

Binti_Shela

Kwa mambo mawili, ndugu yangu. Weka chini ya punda leya ya rangi moja ya kijivu cha katikati, kama 128, uangalie ukingo unaanzia wapi. Weupe wa mbingu unakaa kwenye vijiraba vya nusu peke yake. Mara tu maski inapofika asilimia 100, unakwisha. Mwanga wa jua unaingia ndani, unaukuta kwenye manyoya yaliyo punda kamili, unafifia polepole kuelekea katikati ya sikio. La pili ni rangi. Mbingu yake ya asubuhi ina ubaridi, inaelekea buluu. Jua lililopenya kwenye nywele ni la dhahabu.

Mimi nimeitazama ile picha ya masikio aliyoiweka. Pembeni kabisa ni baridi, ndani yake kuna dhahabu. Yaani vyote viwili vipo, kimoja juu ya kingine. Ile baridi aifute kwa `Darken`, lakini rangi ya kupaka isiwe kahawia ya punda, iwe ile dhahabu ya ndani. Ndiyo maana ilikuwa inaonekana imekatwa kwa mkasi: alipaka kahawia mahali penye jua.

Mzee_Faza

Sasa umesema, binti yangu. Lakini ukiliacha jua kwenye masikio, usiku huo jua limetoka wapi? Punda amesimama mbele ya Ngome gizani, na masikio yake yana asubuhi. Mtu hatajua ni nini, lakini atahisi picha haikai.

Mpigapicha_Langoni

Hilo ndilo lililokuwa likinisumbua nikashindwa kulitaja. Nimefanya hivi: zile taa za Mkunguni zilikuwa mbali upande wa kushoto. Nimeisogeza picha ya nyuma mpaka taa moja imekuja nyuma ya kichwa cha punda, kisha nikaongeza mwanga wa manjano uliofifia kuizunguka. Masikio yameacha kung'aa bila sababu, sasa yana taa. Na ule mwanga nyuma ya singa umepandisha usiku kutoka 30 hadi kama 90 pale, kwa hiyo hata mabaki ya pindo niliyoshindwa kuyatoa yamezama.

Nywele za kijana bado. Upande wa kulia hauna taa lakini una jua.

Binti_Shela

Kulia ipunguze kwa brashi ya `Burn`, `Exposure` asilimia 10, ukiwa umechagua `Highlights`, upite mara chache. Usiuue wote.

Mzee_Faza

Mimi ningeua wote. Taa iko kushoto.

Kolaji_Malindi

Na mimi niko na mzee hapa. Weka zote mbili, tuione moja baada ya nyingine.

Mpigapicha_Langoni

Naziandaa zote mbili, nitazipandisha baada ya isha. Mteja ataziona pamoja nanyi.